Epiki ya malipo ina wiki ya nne na hakuna tiketi iliyofungwa. Mnaipasuaje mpaka kila kipande kiishe siku mbili?

MlinaAsali_TBR (#1)

Wakuu, mwangaluka.

Tuko watatu hapa Tabora mjini. Tunamtengenezea mfumo mteja anayenunua asali huko Sikonge na Uyui. Mfugaji nyuki analeta ndoo zake, karani anapima kilo na maji yaliyomo kwenye asali, anaandika kwenye simu, kisha mfugaji analipwa kwa simu. Upande wa kupokea ulishaingia kazini, makarani wanautumia. Kilichobaki ni malipo.

Kwenye Jira tumefungua `Epic` moja, "Malipo ya wafugaji", na chini yake tiketi nne: databesi ya malipo, API ya malipo, skrini ya mhasibu, kuunganisha na mtandao wa simu. Tukagawana. Hii ni wiki ya nne na tatu za kwanza bado ziko `In Progress`. Kila asubuhi nikiuliza najibiwa "imebaki kidogo", na mteja akiniuliza mimi namjibu hivyo hivyo. Juzi mhasibu wake kaja ofisini, kaomba aone japo kidogo. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilimwonyesha jedwali tupu kwenye databesi, akaniangalia kama nimemkaribisha ugali nikamletea sufuria.

Tunajua tiketi inatakiwa iishe siku moja au mbili. Ila nikikaa kuipasua "API ya malipo" napata "API ya malipo sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili". Nyie mnafanyaje?

---

Mchapakazi88 (#2)

Mkuu hapo tatizo ni watu. Watatu kwa kazi kama hiyo ni wachache. Ongeza mmoja wa API, mmoja abaki skrini, mgawane vizuri itaisha.

---

MlinaAsali_TBR (#3)

Kugawana tumeshagawana mkuu, kila mtu ana yake. Shida ni kwamba hakuna yake inayoisha.

---

MamaMigebuka (#4)

Mwanangu, niko Kigoma, Mwanga huku, nafanya kazi hizi za mifumo kwa mbali miaka mingi sasa. Nikuambie ninachokiona kwenye hizo tiketi nne.

Umekata kwa matabaka. Databesi ni tabaka, API ni tabaka, skrini ni tabaka. Tabaka haliishi peke yake. Mwenye databesi hawezi kusema "nimemaliza" kwa sababu mwenye skrini hajafika kumwambia kuwa kuna safu imesahaulika. Mwenye skrini naye anamsubiri mwenye API. Kwa hiyo huyo mwenzako anaposema imebaki kidogo hakudanganyi. Kwake kweli imebaki kidogo, na itaendelea kubaki kidogo mpaka siku ya mwisho, zote nne zitakapofungwa kwa mpigo au zisifungwe kabisa.

Huku kwetu mgebuka ukiwa mkubwa unakatwa vipande vya kukingama. Kila kipande kina ngozi, kina nyama, kina mfupa wa kati. Hakuna anayepeleka mezani ngozi zote leo, nyama kesho, mifupa keshokutwa. Ukate malipo yako hivyo: kila kipande kiguse kidogo databesi, kidogo API na kidogo skrini, na kikiisha mhasibu akione kwa macho yake.

Usianze kwa kuandika tiketi. Chukua karatasi, fuata malipo ya mfugaji mmoja kwa mzigo mmoja, kuanzia karani anapobonyeza "hifadhi" mpaka hela inaingia kwenye simu yake. Andika kama unavyomsimulia mtu, halafu utuwekee hapa.

---

FundiCheyo (#5)

Mama kazidisha mzunguko. Sisi tuna sheria moja: tiketi ikizidi saa 16 unaipiga nusu. Bado ikizidi, nusu tena. Na kuweka skrini na API mbalimbali si dhambi, kama watu wako wana ujuzi tofauti utafanyaje? Mtu wa skrini hajui databesi.

---

MamaMigebuka (#6)

Fundi, kikomo chako cha saa 16 nakikubali, hata mimi siachi kitu kikae zaidi ya siku mbili. Ila kikomo kinakuambia lini ukate, hakikuambii ukate wapi. Mwenzako huyu alifuata sheria yako ndiyo maana ana "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili".

Kuhusu ujuzi tofauti una haki nusu. Ukishapata stori nyembamba, ndani yake unaweza kuweka `Subtask` moja ya skrini na nyingine ya API, watu wawili wakashika siku hiyo hiyo. Hapo matabaka hayana madhara kwa sababu yanakutana kesho, hayakutani baada ya mwezi. Ubaya ni kuyapandisha matabaka yawe ndiyo mgawanyo wa juu chini ya epiki.

Na uangalie Jira yenyewe ilivyo: `Subtask` inakwenda na mzazi wake. Huwezi kumweka mzazi kwenye sprinti hii na mtoto wake kwenye sprinti ijayo. Kwa hiyo kipande unachotaka kukikabidhi kwa mteja peke yake kifanye stori inayojitegemea chini ya epiki. `Subtask` iwe ya mambo yenu ya ndani.

---

MlinaAsali_TBR (#7)

Asante mama. Nimeandika hivi, sijapamba:

Karani anahifadhi mzigo, mfano kilo 28 za Mzee fulani, ambayo ni karibu ndoo ya lita 20. Mhasibu aliyeko mjini anaona mzigo haujalipwa. Anaangalia kipimo cha maji; ikizidi asilimia 20 anaweka pembeni. Iliyo sawa anaiidhinisha. Mfumo unazidisha kilo kwa bei ya siku. Hela inatumwa kwenye namba ya mfugaji. Mtandao unajibu imefika au haikufika. Mfugaji anapata meseji ya risiti. Ikigoma mhasibu anajulishwa na anarudia.

Leo hii mhasibu anafanyaje? Anaandika Excel kutoka kwenye vitabu vya makarani, kisha anapakia faili kwenye ukurasa wa malipo wa mtandao wa simu. Anafanya hivyo kila Ijumaa.

Kutokana na hayo nimepata tiketi hizi: moja, majedwali yote ya malipo. Mbili, orodha ya mizigo isiyolipwa. Tatu, kuidhinisha. Nne, kutuma hela. Tano, kupokea majibu. Sita, risiti. Niko sawa?

---

MamaMigebuka (#8)

Umekaribia, na aya yako ya mwisho ndiyo yenye dhahabu. Nitaifikia.

Tiketi yako ya kwanza bado ni tabaka. "Majedwali yote" kwa ajili ya nani? Kila stori ije na safu zake inazozihitaji. Orodha ya mizigo isiyolipwa haihitaji jedwali la malipo hata moja, kwa sababu hakuna aliyelipwa bado. Ni mizigo uliyonayo tayari, unaisoma unaonyesha. Basi. Hiyo ni kazi ya siku moja, na ikiisha mhasibu ana cha kuangalia.

Sasa hiyo aya. Umesema mhasibu tayari anapakia faili kila Ijumaa. Njia ya kutuma hela ipo, ila inapita mkononi. Kwa hiyo mfumo wako hauhitaji kuongea na mtandao wa simu ndipo uwe na faida. Ukimpa kitufe cha kupakua faili ya mizigo aliyoidhinisha, umemwondolea kunakili vitabu, na hapo ndipo makosa yake mengi yanapotokea, kamuulize. Ningepanga hivi:

1. Mhasibu anaona orodha ya mizigo isiyolipwa ya kituo kimoja, ina jina, kilo na kipimo cha maji. Siku moja.
2. Mhasibu anaidhinisha mzigo mmoja, unahama kwenye orodha. Hapa ndipo jedwali la malipo linazaliwa, lina safu tatu nne tu. Siku moja.
3. Kiasi kinaonekana, kilo mara bei. Bei moja kwa wote, imeandikwa kwenye mpangilio wa mfumo, hakuna skrini ya kuibadilisha. Nusu siku.
4. Mhasibu anapakua faili ya walioidhinishwa. Siku moja.
5. Mhasibu anaweka alama "imelipwa" kwa mkono. Nusu siku.

Baada ya tano hizi, siku nne za kazi, mhasibu analipa Ijumaa kwa kutumia mfumo wako. Mtandao wa simu bado hujaugusa, na ndio uliokuwa unakutisha.

Angalia nilichoacha kwa makusudi: vituo vingine, kubadilisha bei, mzigo wenye maji mengi, meseji ya risiti. Kila kimoja kitakuwa tiketi yake baadaye. Kupunguza ni hivyo: kituo kimoja badala ya vyote, bei moja, njia iliyonyooka isiyo na kasoro. Ukikwama usijue pa kukata, tafuta neno "vyote" au "kila" kwenye maelezo yako, uliondoe uone kinabaki nini.

---

MtotoWaKibirizi (#9)

Mama mwakeye. Na mimi nina langu, samahani kama natoka nje ya uzi.

Mimi niko peke yangu, natengeneza mfumo wa mizigo ya maboti ya Kibirizi, dagaa na mawese. Sina mhasibu wa kumwonyesha wala timu. Kazi yangu iliyogoma ni kuhamisha data ya zamani kutoka Excel. Faili 11, kila moja ina mpangilio wake, mwingine kaandika "gunia", mwingine "kg", mwingine kaweka rangi ya njano tu. Hiyo nayo inapasuliwaje? Si mpaka zote zihame?

---

MamaMigebuka (#10)

Mwakeye mwanangu. Hiyo kata kwa data. Tiketi ya kwanza: faili moja, iliyo safi kuliko zote, ihame na jumla ya mizigo ilingane na jumla iliyoko kwenye Excel. Hiyo jumla ndiyo inayokuambia umemaliza, bila hiyo utakaa unachungulia safu mpaka usiku. Tiketi ya pili ni faili inayofuata. Kufikia ya nne utakuwa umeshajua aina za uchafu, na zilizobaki utazimaliza mbili kwa siku. Ya rangi ya njano iweke mwisho, na umtafute aliyeipaka.

---

MzeeWaIsevya (#11)

Nawasikiliza tu. Mimi nimestaafu lakini nilisimamia timu ya watu saba, na ngoja niseme kinyume kidogo. Tulifikia mahali tuna tiketi ndogo ndogo zaidi ya sitini kwenye epiki moja. Kila Jumatatu saa mbili nzima tunazipanga, hakuna anayezisoma, na nusu yake tulikuja kuzifuta kwa sababu mteja alibadilisha mawazo. Kazi ya kupasua nayo ni kazi. Nani anailipia?

---

Dada_Sikonge (#12)

Shikamoo mzee. Ni kweli, nimeyaona hayo.

---

MamaMigebuka (#13)

Shikamoo mzee, hoja yako naipokea yote. Ndiyo maana nimemwandikia tano tu na sikugusa za mtandao wa simu. Pasua zile za wiki hii na ijayo. Zilizo mbali ziache nene, tiketi moja yenye mstari mmoja. Ukizipasua mapema unapasua kitu usichokijua bado.

---

MlinaAsali_TBR (#14)

Nimerudi baada ya siku sita za kazi. Tumefuta zile nne za mwanzo, ilituuma. Tumefungua hizi tano.

Ya kwanza iliisha siku hiyo hiyo. Mhasibu alivyoiona jambo la kwanza alilosema ni kwamba anataka iwe na tarehe ya karani, siyo tarehe ya mfumo, kwa sababu karani wa kijijini anapata mtandao baada ya siku mbili. Tungejua lini hilo? Ya pili na ya tatu ziliisha. Ya tano ikaisha.

Ya nne ndiyo imetula siku tatu na bado. Tatizo ni namba za simu. Mhasibu akipakua faili anaifungua kwa Excel aikague, Excel inafuta sifuri ya mwanzo, 0754 inakuwa 754, akiihifadhi na kuipakia mtandao unaikataa. Tukabadilisha ianze na 255. Hapo tukagundua makarani wengine wameandika namba na nafasi katikati, wengine wameandika mbili kwenye sehemu moja. Sasa tunasafisha.

---

FundiCheyo (#15)

Ndiyo hapo nasema, saa 16 zikipita piga nusu. Hamkupiga.

---

MamaMigebuka (#16)

Hapa Fundi yuko sawa kabisa. Siku ya pili jioni ilikuwa wakati wa kusimama. Kichwa cha tiketi yenu kilisemaje? Kiandike hapa kizima.

---

MlinaAsali_TBR (#17)

"Mhasibu anapakua faili ya walioidhinishwa na namba ziwe sahihi na ikubalike kwenye ukurasa wa malipo."

...nimeona. "Na" mbili.

---

MamaMigebuka (#18)

Basi ni tatu hizo. Moja: faili inapakuliwa, na wenye namba isiyo na tarakimu 12 zinazoanza na 255 hawaingii, wanaonekana kwenye orodha pembeni. Funga hiyo leo, mhasibu alipe walio sawa. Mbili: mhasibu anarekebisha namba ya mfugaji kutoka kwenye orodha ile ya pembeni. Tatu: karani azuiwe kuandika namba mbovu tangu mwanzo. Mlikuwa mnasafisha namba za watu wote ndipo mlipe yeyote, na hao wenye namba safi wanasubiri bure.

---

MlinaAsali_TBR (#19)

Imefungwa saa tisa alasiri. Kati ya 41 walioidhinishwa, 34 wameingia kwenye faili, saba wako pembeni. Ijumaa analipa.

Sasa mama, mtandao wa simu. Hii kwa kweli siioni inapasuliwaje. Hatujawahi kuugusa, sijui ni siku mbili au ni siku ishirini.

---

MamaMigebuka (#20)

Kwa kuwa hujui, usiikadirie. Fungua tiketi ya uchunguzi, siku moja kamili, na kinachotoka humo ni majibu, siyo msimbo wa kuweka kwenye seva. Ila usiandike "kuchunguza API ya malipo", hiyo haina mwisho, utasoma nyaraka mpaka macho yaume. Andika swali. Kwako swali ni hili: tukituma malipo kwenye mazingira ya majaribio na jibu lisirudi, je, tunaweza kuuliza hali yake kwa namba ya kumbukumbu tuliyoitoa sisi wenyewe?

Nieleze kwa nini ni hilo na siyo "inatumaje". Kutuma utaweza tu. Ila huko vijijini na hata mjini, utatuma, mtandao ukatike kabla jibu halijafika. Hapo hujui hela imekwenda au haikwenda. Ukituma tena huenda umemlipa Mzee mara mbili, na kuirudisha hela kwa mtu aliyeshaitoa kwa wakala ni kesi ya kwenda kijijini na mwenyekiti. Kama mtandao unakuruhusu kuuliza kwa namba yako, tiketi zinazofuata ni nyepesi. Kama haukuruhusu, lazima kila malipo yasiyo na jibu yaende kwa mhasibu ayakague kwa macho, na hizo ni tiketi nyingine kabisa. Jibu la siku moja linaamua upasue vipi wiki mbili.

---

Dada_Sikonge (#21)

Hili limetukuta sisi kwenye mfumo mwingine. Programa wetu aliweka ijaribu tena yenyewe mara tatu jibu lisipokuja. Watu walipata hela mara tatu. Siku hiyo walitupenda sana.

---

MlinaAsali_TBR (#22)

😂😂 Dada!

Uchunguzi tumefanya jana. Jibu ni ndiyo, inaruhusu kuuliza kwa kumbukumbu yetu. Na tumegundua kingine: jibu la kwanza kabisa wanalotoa linamaanisha "tumepokea ombi" tu, halimaanishi hela imefika. Jibu la kufika linakuja baadaye peke yake kwenye seva yetu. Bila ile siku moja tungeandika "imelipwa" mapema.

Tumepasua hivi, tuambieni: kwanza, malipo ya mfugaji mmoja yanatumwa kwa kitufe, yakiwa nyuma ya swichi ambayo imewashwa kwa akaunti yangu tu, hali inakuwa "imetumwa". Pili, jibu la kufika linabadilisha hali kuwa "imelipwa". Tatu, yaliyokaa dakika 10 bila jibu yanaulizwa hali, hayatumwi tena kamwe. Nne, yaliyokataliwa yanaonyesha sababu. Tano, swichi inawashwa kwa mhasibu, kituo kimoja. Kupakua faili kunabaki kama njia ya akiba.

Na kabla ya ya kwanza, nusu siku ya hii:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_mzigo_uq
  ON malipo (mzigo_id);
```

Ili mzigo mmoja usiwe na rekodi mbili za malipo hata mtu akiidhinisha mara mbili.

---

MamaMigebuka (#23)

Vizuri. Ya tatu isije nyuma ya ya tano hata mteja akisukuma. Unaweza kuahirisha meseji ya risiti, unaweza kuahirisha vituo vingine, lakini usimwashie mhasibu swichi kabla ya kuwa na jibu la "imekatika katikati". Kupasua kunakupa uhuru wa kupanga upya, ila kuna jozi zisizoachana.

Na ile ya kwanza ijaribu kwa shilingi mia kwa namba yako mwenyewe.

---

FundiCheyo (#24)

Hiyo index nina neno. Mfugaji anayechukua mizinga kwa mkopo analipwaje? Huku wengi wanapewa mizinga, makato yanakuja kwenye asali. Mzigo mmoja unaweza kulipwa nusu leo, nusu baada ya makato kukokotolewa. `mzigo_id` ikiwa ya pekee umejifungia mlango.

---

MlinaAsali_TBR (#25)

Dah. Ni kweli wapo, siyo kituo hiki tulichoanza nacho, ila Sikonge wapo.

---

MamaMigebuka (#26)

Mimi ningeiacha hivyo. Leo hakuna malipo ya nusu. Makato yakifika yatakuja na tiketi yake: ongeza safu ya awamu, jaza moja kwa malipo yote ya zamani, kisha jenga index mpya ya mzigo pamoja na awamu na uondoe ile ya kwanza. Ni hatua tatu, kila moja inapandishwa peke yake na mfumo unaendelea kufanya kazi katikati.

---

FundiCheyo (#27)

Mama kwa heshima, hapo sikubaliani. Skrini ikikosewa unabadilisha jioni. Jedwali la hela likiwa na miezi sita ya malipo ndani yake, kulibadilisha ni kukosa usingizi. Safu ya awamu ni mstari mmoja leo. Mimi ningeiweka, hata kama ni ya "baadaye".

---

MzeeWaIsevya (#28)

Fundi naye ana hoja. Mambo ya hela na mambo ya tarehe mimi nilikuwa nayawazia mbele kidogo kuliko mengine. Lakini pia nimeona majedwali yenye safu kumi za "baadaye" ambazo hazikuwahi kujazwa.

---

MtotoWaKibirizi (#29)

Faili tisa zimehama, jumla zimelingana saba. Mbili zina tofauti ya gunia nne nne na sijui ziko wapi. Aliyepaka njano kasema ilikuwa "wale ambao hawajalipa nauli ya boti". Hiyo ni jedwali jingine kabisa 😩

---

MlinaAsali_TBR (#30)

Pole kaka, fungua tiketi yake uiache nene.

Sisi Ijumaa mhasibu kalipa 34 kwa faili, na wale saba kawapigia simu mwenyewe, watano wameingia. Jumatatu tunaanza ya kutuma. Suala la awamu tumepiga kura ofisini, mbili kwa moja kwa upande wa Fundi. Aliyeshindwa ni mimi, na mimi ndiye ninayeiandika hiyo tiketi.